Mzigo wa Boriti Unapohamishiwa Kwenye Nodi

Boriti ya chuma iliyolala juu ya nguzo tatu hubeba sakafu kwa urefu wake wote. Uzito wa zege, wa magunia yaliyopangwa juu yake na wa watu wanaopita unaikalia mita kwa mita, bila kuruka mahali. Programu ya kompyuta inayoikokotoa boriti hiyo haiuoni mzigo kwa namna hiyo. Mbinu inayotumika leo karibu kila ofisi ya wahandisi wa majengo huikata boriti katika vipande, na kila kipande huishia kwenye nukta mbili zinazoitwa nodi. Kompyuta hufanya hesabu zake kwenye nodi tu. Mzigo ulio katikati ya kipande hauna mahali pa kuingilia mpaka kwanza ugeuzwe kuwa nguvu na momenti zinazokaa kwenye nodi mbili za mwisho.

Namna ya kuugeuza inajulikana vizuri na iko katika kila kitabu cha fani hii. Kinachosahaulika mara kwa mara ni hatua inayofuata baada ya kompyuta kutoa majibu. Mzigo uliohamishiwa kwenye nodi si mzigo wa kweli. Ni mbadala wake. Mbadala huo unatoa mzunguko sahihi wa nodi, lakini hautoi moja kwa moja momenti sahihi ndani ya boriti. Anayesoma majibu bila kulijua hilo anaweza kupata momenti isiyofika hata nusu ya ile ya kweli, na boriti atakayoichagua kwa namba hiyo itakuwa nyembamba mno.

Wazo lenyewe lilikuwapo kabla ya kompyuta. Mwaka 1930 Hardy Cross, profesa wa Chuo Kikuu cha Illinois huko Marekani, alichapisha njia ya kukokotoa boriti na fremu kwa penseli na karatasi. Alianza kwa kuchukulia kwamba kila kiungo kimekazwa kabisa kisizunguke, akaandika momenti zinazotokea katika hali hiyo, kisha akaviachilia viungo kimoja kimoja na kugawa tofauti mpaka kila kiungo kikatulia. Katika miaka ya 1950 wahandisi wa ndege walihitaji kukokotoa mabawa yenye mamia ya viungo, kazi ambayo penseli isingeiweza. John Argyris huko Uingereza aliipanga hesabu hiyo kwa majedwali ya namba. Mwaka 1956 M. J. Turner wa kampuni ya Boeing, pamoja na Ray Clough, Harold Martin na L. J. Topp, walichapisha makala iliyofungua njia ya mbinu ya vipande kama tunavyoijua. Kukaza kwanza na kuachilia baadaye kulibaki palepale. Kompyuta inaviachilia viungo vyote kwa mkupuo, na hiyo ndiyo tofauti.

Tuchukue boriti moja na kuifuata mpaka mwisho. Ni boriti ya chuma ya aina ya IPE 300, yaani yenye umbo la herufi I na kimo cha milimita 300. Imekaa juu ya maegemeo matatu, tuyaite A, B na C. Kutoka A hadi B ni mita 6, na kutoka B hadi C ni mita 4. Boriti haijakatwa pale B. Inapita juu ya nguzo ya kati ikiwa moja. Inabeba kilonyutoni 20 kwa kila mita, takriban uzito wa tani mbili kwa kila mita, kuanzia mwanzo hadi mwisho. Mzigo wote ni kilonyutoni 200, na namba hiyo tutairudia.

Kitu kimoja zaidi kinahitajika, nacho ni ukakamavu wa boriti dhidi ya kupinda. Wahandisi huuandika EI: E ni kipimo cha ukakamavu wa chuma chenyewe, na I hutokana na umbo la mkato wa boriti. Kwa IPE 300 tamo hilo ni karibu 17,500 likipimwa kwa kilonyutoni mita mraba. Tutaiacha EI kama herufi kwa sasa, kwa sababu momenti za boriti hii hazitegemei thamani yake. Tutaihitaji tutakapofika kwenye mnepo.

Tunaigawa boriti katika vipande viwili tu, kimoja kwa kila nafasi kati ya nguzo. Kila ncha ya kipande inaweza kufanya mambo mawili: kupanda au kushuka, na kuzunguka. Ncha mbili zikiwa na mambo mawili kila moja, tunapata miendo minne kwa kila kipande, na kila mwendo una nguvu au momenti yake. Uhusiano kati ya miendo hiyo minne na nguvu zake nne unaandikwa katika jedwali la mistari minne na safu nne. Hilo ndilo huitwa matriki ya ukakamavu:

```
            |  12     6L    -12     6L  |
k = EI/L^3  |  6L    4L^2   -6L    2L^2 |
            | -12    -6L     12    -6L  |
            |  6L    2L^2   -6L    4L^2 |
```

Jedwali hili linatisha likitazamwa lote kwa pamoja, lakini kila safu yake inasimulia jaribio moja. Safu ya pili inasema hivi: zungusha ncha ya kushoto kwa kipimo kimoja, zuia miendo mingine yote mitatu, kisha pima nguvu zinazohitajika ili boriti ikae hivyo. Utahitaji momenti ya 4EI/L pale unapozungusha, na ncha ya pili iliyozuiwa itadai momenti ya 2EI/L ili isizunguke. Nusu hiyo inayofika upande wa pili Hardy Cross aliitumia katika kila hatua ya njia yake, na ndiyo iliyojificha ndani ya 4 na 2 za jedwali. Safu nyingine zinasomwa vivyo hivyo. Jedwali lina ulinganifu pande zote mbili za mshazari wake, kwa hiyo mtu anayeliandika mwenyewe katika programu yake na kukuta mshazari haulingani ajue amekosea alama mahali fulani.

Namba hizi zinatokana na dhana moja kuhusu umbo la boriti iliyopinda. Kati ya nodi mbili tunasema mstari wake ni polinomia ya kipeo cha tatu, na polinomia hiyo inafungwa kabisa na mambo manne: kimo na mwinamo wa ncha ya kushoto, kimo na mwinamo wa ncha ya kulia. Boriti isiyo na mzigo kati ya ncha zake hupinda hasa kwa umbo hilo. Boriti yenye mzigo uliosambaa sawasawa hupinda kwa polinomia ya kipeo cha nne. Kati ya tatu na nne kuna pengo, na katika pengo hilo ndipo shughuli yetu yote ilipo.

Sasa tuuhamishe mzigo. Kanuni ni kwamba mbadala ufanye kazi sawa na mzigo wa kweli kila nodi inaposogea kidogo. Tuseme ncha ya kushoto ya kipande inazunguka kwa kipimo kimoja na miendo mingine imezuiwa. Boriti inainuka kwa umbo la x − 2x²/L + x³/L². Mzigo w kwa kila mita unasafiri pamoja na umbo hilo, na kazi yake yote ni w mara eneo lililo chini ya mchirizo huo. Eneo ni L² mara nusu, toa theluthi mbili, ongeza robo. Ukivileta visehemu hivyo kwenye kumi na mbili unapata 6 toa 8 ongeza 3, yaani 1 juu ya 12. Kwa hiyo momenti mbadala ni wL²/12. Nguvu ya wima inatoka kwa njia hiyohiyo, na ni wL/2 kwa kila ncha, nusu kwa nusu kama mtu yeyote angetarajia.

Momenti hiyo ya wL²/12 si ngeni. Ndiyo momenti inayojitokeza kwenye ncha za boriti iliyokazwa pande zote mbili ikiwa imebeba mzigo uliosambaa, na iko katika kila jedwali la wahandisi tangu enzi za Hardy Cross. Tofauti pekee ni alama. Kuta zinazoishika boriti iliyokazwa huisukuma kwa mwelekeo mmoja, na mbadala wetu hubeba mwelekeo wa kinyume. Jambo hili linaonyesha hesabu yenyewe ni nini. Kwanza tunaikaza kila nodi, na mzigo unakaa juu ya vipande vilivyokazwa. Hiyo ni hali ya kwanza. Halafu tunaziachilia nodi kwa kuziwekea nguvu zilizo kinyume cha zile zilizokuwa zikizikaza. Hiyo ni hali ya pili, na ndiyo pekee ambayo matriki inaitatua. Boriti ya kweli ni hali zote mbili zikijumlishwa.

Kwa boriti yetu, kipande cha mita 6 kina momenti mbadala ya 20 × 36 / 12, yaani 60. Kipande cha mita 4 kina 20 × 16 / 12, yaani 26.67. Tukikubaliana kwamba momenti inayozunguka kinyume cha mwendo wa saa ni chanya, kila kipande kinaiwekea ncha yake ya kushoto alama hasi na ncha yake ya kulia alama chanya. Kwenye nodi B vipande viwili vinakutana: kimoja kinaleta chanya 60, kingine hasi 26.67, na jumla ni 33.33.

Nguzo zote tatu zinazuia boriti isishuke wala isipande, kwa hiyo vimo vya nodi tunavijua: ni sifuri. Kinachobaki hakijulikani ni mizunguko mitatu tu. Bila kuiambia kompyuta kuhusu nguzo hizo isingeweza kujibu lolote, kwa sababu boriti isiyoegemea kitu inaweza kuelea popote na jedwali lake halina jibu moja. Tukichukua kutoka kwenye matriki zile sehemu zinazohusu mizunguko pekee na kuziunganisha pale B, tunabaki na milinganyo mitatu:

```
EI (0.667 θA + 0.333 θB)            = -60
EI (0.333 θA + 1.667 θB + 0.5 θC)   =  33.33
EI (0.5 θB + θC)                    =  26.67
```

Ile 1.667 ya katikati ni 4/6 ya kipande cha kwanza na 4/4 ya kipande cha pili zikijumlishwa, kwa sababu nodi B inapozunguka inavipinda vipande vyote viwili. Mwanafunzi wa kidato cha nne anaweza kuimaliza milinganyo hii kwa mkono. Majibu ni θA = −110/EI, θB = 40/EI na θC = 6.67/EI. Kwa chuma chetu, ncha A inazunguka radiani 0.0063, chini ya nusu digrii. Mizunguko hii ni sahihi kabisa. Si makadirio. Kwa boriti yenye mkato usiobadilika, mbinu hii hutoa thamani halisi kwenye nodi hata ukitumia kipande kimoja tu kwa kila nafasi.

Hapa ndipo pa kuwa makini. Ili kupata momenti ndani ya boriti, hatua inayoonekana wazi ni kuzidisha matriki ya kila kipande kwa mizunguko tuliyoipata. Kwa kipande cha kwanza, hesabu hiyo inatoa 10 kwenye ncha inayogusa B. Kwa kipande cha pili, ncha yake inayogusa B hiyohiyo inatoa 43.33. Boriti ni moja, haijakatwa, na juu ya nguzo B hakuna kitu chochote kinachoizungusha kutoka nje. Inawezekanaje momenti iwe 10 hatua moja kushoto mwa nguzo na 43.33 hatua moja kulia?

Haiwezekani. Namba hizo ni za hali ya pili peke yake. Hali ya kwanza, ile ya nodi zilizokazwa, ilikuwa na momenti zake, na hizo bado hazijarudishwa. Kanuni kamili inasema nguvu za ncha za kipande ni matriki mara miendo, toa mzigo mbadala. Anayeandika programu yake kwa lugha ya Python ataiandika hivi:

```
f = k @ d - fe
```

Hapo `fe` ni mzigo mbadala wa kipande hicho. Kwa kipande cha kwanza pale B, hasi 10 toa 60 ni hasi 70. Kwa kipande cha pili, 43.33 toa hasi 26.67 ni chanya 70. Sasa pande mbili zinakubaliana: zinashikana kwa nguvu sawa na mwelekeo wa kinyume, kama inavyopasa pale boriti inapopita juu ya nguzo bila kukatwa. Momenti ya kweli juu ya nguzo B ni kilonyutoni mita 70. Mlinganyo wa momenti tatu wa Clapeyron, ambao umri wake umepita karne moja na nusu, unatoa 70 ileile.

Tazama ukubwa wa kosa. Anayesahau kutoa atasoma 10 au 43.33 mahali penye 70. Kwenye ncha A, ambako boriti imekaa tu juu ya nguzo na momenti yake lazima iwe sifuri, atasoma 60. Katikati ya nafasi ya mita 6 atasoma 25, na thamani ya kweli ni 55. Si kosa la asilimia chache linaloweza kumezwa na kiasi cha usalama tunachoongeza katika kila usanifu.

Kosa hili, kwa bahati nzuri, linaacha alama ambazo mtu yeyote mwenye majibu mkononi anaweza kuzisoma. Ya kwanza tumeiona: momenti inaruka ghafla kwenye nodi ambayo hakuna momenti iliyowekwa kutoka nje. Pale B ruko ni kutoka 10 hadi 43.33, yaani 33.33, ambayo ni ile momenti mbadala tuliyoiweka wenyewe kwenye nodi B. Ruko likilingana na namba uliyoiweka kwa mkono wako, huna haja ya kutafuta sababu nyingine.

Alama ya pili ni nguvu za maegemeo. Nguvu za wima zinatoka kwenye mistari ya kwanza na ya tatu ya matriki. Bila kutoa mzigo mbadala, egemeo A linasomeka hasi 11.67, kana kwamba nguzo inaivuta boriti chini, B inasomeka 29.17 na C hasi 17.5. Zijumlishe: ni sifuri. Kilonyutoni 200 zimepotea zote, kwa sababu katika hali ya pili mzigo wa wima wa kila nodi umekaa juu ya nguzo yenyewe wala haukuwahi kumpinda mtu. Baada ya kutoa, A inabeba 48.33, B inabeba 129.17 na C inabeba 22.5. Jumla ni 200. Ukaguzi huu unachukua nusu dakika, na kwa maoni yangu hakuna majibu ya boriti yanayostahili kuwekwa sahihi bila kuufanya.

Alama ya tatu ni umbo la mchoro wa momenti. Chini ya mzigo uliosambaa mchoro huo lazima uwe mchirizo uliopinda. Kwa kuwa kipande chetu kimefungwa kwenye polinomia ya kipeo cha tatu, momenti inayotokana nayo ni mstari ulionyooka, kwani momenti hupatikana kwa kutafuta mabadiliko ya mwinamo, na kila hatua hupunguza kipeo. Ukiona mchoro wa boriti yenye mzigo uliosambaa umechorwa kwa mistari iliyonyooka kutoka nodi hadi nodi, ama programu haikurudisha hali ya kwanza, ama imechora nodi tu na kuziunga kwa rula. Programu nyingi zilizotungwa mahsusi kwa ajili ya fremu za majengo hufanya kazi hii zenyewe na kuchora mchirizo sahihi. Programu za jumla za mbinu ya vipande si zote zinazofanya hivyo, na lahajedwali ambayo mtu ameitengeneza ofisini hufanya kile tu alichoiambia.

Mnepo nao una hadithi yake, na naona ndiyo sehemu nzuri kuliko zote katika somo hili. Mizunguko miwili ya ncha inatosha kuchora umbo la kipande. Katikati ya nafasi ya mita 6, umbo hilo linashuka kwa 112.5/EI, ambayo kwa chuma chetu ni milimita 6.4. Boriti ya kweli inashuka kwa 180/EI, yaani milimita 10.3. Kinachopungua ni 67.5/EI. Sasa kokotoa mnepo wa katikati wa boriti ya mita 6 iliyokazwa ncha zote mbili, ikibeba kilonyutoni 20 kwa mita. Fomula yake ni wL⁴/384EI, na jibu ni 67.5/EI, bila kuzidi wala kupungua. Pengo kati ya kipeo cha tatu na cha nne tulilolitaja mwanzoni si ukungu wa makadirio. Ni mnepo wa hali ya kwanza, mzima kama ulivyo, unaosubiri kujumlishwa. Momenti ya katikati inakwenda vivyo hivyo: 25 tuliyoisoma ongeza wL²/24 ya boriti iliyokazwa, ambayo hapa ni 30, unapata 55.

Nafasi fupi inaonyesha jambo lisilotarajiwa. Katikati ya mita 4 za kati ya B na C, ingawa nazo zinabeba mzigo uleule, boriti haishuki. Inapanda. Nafasi ndefu inapokalia chini inaizungusha boriti juu ya nguzo B, na mzunguko huo unaiinua nafasi fupi zaidi ya mzigo wake unavyoishusha. Hali ya pili peke yake inasema imepanda karibu milimita moja. Hali ya kwanza inaishusha kwa 13.33/EI, na kinachobaki ni kupanda kwa milimita 0.2. Mtu aliyechora umbo la boriti kwa mizunguko ya nodi tu angeona nafasi fupi imeinuka mara tano ya ilivyo kweli.

Wapo wanaojaribu kuikwepa momenti mbadala kabisa. Hoja yao ni kwamba inatosha kuugawa mzigo nusu kwa nusu na kuuweka kwenye nodi kama nguvu za wima. Tuujaribu ushauri huo kwenye boriti yetu ya vipande viwili. Nguvu zote zinatua juu ya nguzo, hakuna kinachozunguka, na kompyuta inajibu kwamba boriti haikupinda hata kidogo. Ukigawa kila nafasi vipande viwili, momenti juu ya B inakuwa 52.5, robo nzima chini ya 70. Ukigawa vipande vinne, 65.6. Ukigawa kumi, 69.3. Kosa linapungua kwa mraba wa idadi ya vipande, kwa hiyo njia hiyo hufika hatimaye, lakini inafika kwa kutumia vipande kumi pale ambapo momenti mbadala imetoa jibu halisi kwa kimoja. Na juu ya nguzo B kila mara kosa linaelekea upande mmoja, wa kuionyesha boriti kuwa na mateso madogo pale kuliko iliyo nayo. Katika usanifu huo ndio upande wa hatari.

Usahihi huu wa nodi una mipaka yake. Unategemea boriti ambayo mkato wake haubadiliki ndani ya kipande. Boriti inayoanza nene kwenye nguzo na kwenda ikipungua haifuati tena polinomia ya kipeo cha tatu, wala boriti iliyolazwa juu ya udongo unaoisukuma kutoka chini, na hapo vipande vingi vinahitajika hata kama mzigo mbadala umewekwa vizuri. Tena matriki tuliyoitumia inahesabu kupinda tu; haihesabu namna boriti inavyoteleza kwa nguvu ya kukata. Kwa IPE 300 yenye nafasi ya mita 6, urefu ni mara 20 ya kimo, na sehemu hiyo ni ndogo. Kwa boriti fupi na nene, kama ile ya zege inayobeba nguzo ya ghorofa za juu, sehemu hiyo si ndogo, na iko matriki nyingine inayoitwa kwa jina la Timoshenko iliyotengenezwa kwa ajili yake.

Mzigo ukibadilika, mbadala nao unabadilika. Mzigo wa pembetatu, kama maji yanavyosukuma ukuta, hautoi momenti sawa kwenye ncha mbili: upande mwembamba unapata wL²/30 na upande mnene wL²/20. Programu inayopokea mzigo wa pembetatu na kuweka wL²/12 ya wastani pande zote mbili itatoa jumla sahihi ya nguvu za maegemeo huku momenti zake zikiwa zimepotoka. Ukaguzi wa jumla hauwezi kulikamata kosa la namna hiyo. Hilo linakamatwa kwa kulinganisha na boriti ambayo jibu lake unalijua.

Kwa hiyo ukipewa programu mpya, au lahajedwali ambayo mwenzako ameirithi kwa mtu aliyehama, usianze na jengo. Iwekee kwanza boriti hii ya mita 6 na mita 4 yenye kilonyutoni 20 kwa mita, kipande kimoja kwa kila nafasi. Juu ya nguzo ya kati inapaswa kukujibu 70 kutoka pande zote mbili, katikati ya nafasi ndefu 55, na nguvu za maegemeo zifike 200. Ikikujibu 10 na 43.33, usiitumie mpaka aliyeitengeneza ameongeza ule mstari wa kutoa mzigo mbadala.